Uzi: Kopo moja linasema 2609, jingine linasema 190. Nipi niandike kwenye rafu?

Duka Mkunazini
Assalaam alaykum wanajukwaa. Ninauza vyakula vya rejareja hapa Unguja mjini, na kwenye rafu yangu zipo siagi za karanga za aina tatu: moja imetoka Afrika Kusini, moja Ulaya na moja Marekani. Wiki iliyopita mteja wangu wa siku nyingi aliirudisha ile ya Afrika Kusini akisema kwamba inanenepesha mara kumi na tatu kuliko ya Marekani, kwa sababu lebo yake imeandikwa nishati 2609 na ile nyingine imeandikwa 190. Nilijua kuwa amechanganya vipimo, lakini nilipotaka kumweleza nikajikuta na mimi nimekwama.

Lebo zenyewe zinasomeka hivi. Ya Afrika Kusini inatoa kilojuli peke yake, 2609 kJ kwa gramu 100. Ya Ulaya inatoa zote mbili, 2543 kJ na 614 kcal, nayo pia ni kwa gramu 100. Ya Marekani inatoa kalori 190 kwa vijiko viwili, ambavyo wamevihesabu kuwa gramu 32.

Nimekusudia kubandika karatasi ndogo mbele ya rafu, kila kopo liandikiwe kilokalori zake kwa gramu 100. Nilianza na ya Afrika Kusini: 2609 nikaigawa kwa 4.184, nikapata 624. Ili nijihakikishie kwamba njia ni sahihi, nikaijaribu kwa ile ya Ulaya ambayo jibu lake lipo tayari. Hapo ndipo nilipochanganyikiwa, kwa kuwa 2543 gawanya kwa 4.184 ni 608, na wao wameandika 614. Kikokotoo changu kimekosea, au kiwanda kimekosea?

Kokotoa
Kikokotoo chako hakijakosea, ndugu. Kilokalori moja ni kilojuli 4.184, na wengine hutumia 4.1868, ambayo kwa mfano wako inatoa 607 badala ya 608. Tofauti hiyo ni ndogo na haina maana dukani. Kipimo ni kipimo. Kilo haibadiliki ikawa ratili nyingine kwa sababu umepima karanga badala ya mchele, na vivyo hivyo kilojuli 2543 haziwezi kuwa kilokalori 614 kwa namna yoyote ile. Aliyechapa lebo hiyo amekosea. Kwenye karatasi yako andika 608, na ikiwezekana mjulishe aliyekuuzia mzigo.

Mama Tunu
Naomba radhi kama ninaingilia. Hizi kilojuli si ndizo za umeme? Mwanangu amefundishwa shuleni kwamba juli ni kipimo cha umeme, na sasa ninaiona kwenye chakula. Nina swali jingine linalofanana na la mwenye duka. Ninanunua maziwa ya unga ambayo lebo yake inasema 490 kcal kwa gramu 100, na maziwa ya pakiti ambayo yanasema 64 kcal kwa mililita 100. Kwa hesabu hiyo maziwa ya unga yana nguvu karibu mara nane. Nimekuwa nikimpa mtoto ya unga kwa sababu hiyo. Je, nimefanya sawa?

Fundi wa Maabara
Nimefanya kazi ya kupima vyakula na kuandaa lebo kwa miaka kadhaa, kwa hiyo nitajibu kwa urefu kidogo, nikianza na mwenye duka.

Bwana Kokotoa amesema kweli kuhusu kipimo, lakini hukumu yake juu ya kiwanda si ya haki. Ile 614 haikupatikana kwa kuigawa 2543, wala 2543 haikupatikana kwa kuizidisha 614. Kiwanda kilianza na gramu za protini, wanga, mafuta na nyuzinyuzi, kisha kikafanya hesabu mbili zilizotengana, moja ya kilojuli na nyingine ya kilokalori, kila moja ikiwa na vizidisho vyake. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 1169 ya mwaka 2011 inavitaja vizidisho hivyo waziwazi. Gramu ya protini au ya wanga ni 17 kJ na 4 kcal, gramu ya mafuta ni 37 kJ na 9 kcal, na gramu ya nyuzinyuzi ni 8 kJ na 2 kcal.

Sasa gawanya mwenyewe: 17 kwa 4 ni 4.25, na 37 kwa 9 ni 4.11. Hakuna hata moja iliyotua kwenye 4.184, kwa sababu vizidisho vyote vimekadiriwa hadi namba nzima ili hesabu iwe nyepesi. Ndiyo maana pakiti ya sukari tupu iliyofungwa Ulaya husoma 1700 kJ na 400 kcal, ingawa ukiigawa 1700 kwa 4.184 utapata 406. Hakuna aliyekosea, sheria ndiyo inayotaka iandikwe hivyo.

Nakuomba uangalie nyuma ya kopo la Ulaya, bila shaka utakuta gramu za kila kirutubisho. Ukizileta hapa nitakuonyesha jinsi 614 ilivyopatikana.

Mama Tunu, juli ni kipimo cha nishati ya aina yoyote, iwe ya umeme, ya kuni au ya ugali. Yuniti moja ya LUKU ni kilojuli 3600, yaani karibu kilokalori 860, kwa hiyo gramu 100 za siagi ya karanga zina nishati ya takribani robo tatu ya yuniti. Kuhusu maziwa, umelinganisha unga mkavu na maziwa ambayo maji yamo ndani yake. Pima gramu 13 za unga, ongeza maji hadi yafike mililita 100, kisha zidisha 4.9 kwa 13: unapata 64, sawasawa na pakiti. Lebo nyingi za unga huwa na safu ya pili ya maziwa yaliyokwisha kukorogwa, na hiyo ndiyo ya kulinganisha na pakiti. Kipi kimfae mtoto linategemea umri wake, na hilo muulize mhudumu wa afya wa kliniki yenu, maana namba ya nishati peke yake haiwezi kulijibu.

Duka Mkunazini
Ahsante sana. Kopo la Ulaya kwa gramu 100 lina protini 25, wanga 12, mafuta 50 na nyuzinyuzi 8. La Afrika Kusini lina protini 24, wanga 13, mafuta 52 na nyuzinyuzi 7.

Fundi wa Maabara
Tuanze na la Ulaya. Kwa kilojuli, protini inatoa 425, wanga 204, mafuta 1850 na nyuzinyuzi 64, jumla 2543, ambayo ndiyo iliyochapwa. Kwa kilokalori, protini inatoa 100, wanga 48, mafuta 450 na nyuzinyuzi 16, jumla 614, nayo ndiyo iliyochapwa. Kwa hiyo lebo hiyo ni safi kabisa.

La Afrika Kusini kwa vizidisho hivyohivyo vya kilojuli linatoa 408, 221, 1924 na 56, jumla 2609 kama walivyoandika. Hii inatuambia kwamba viwanda vyote viwili vimetumia njia moja, jambo ambalo ni muhimu kwako kuliko kitu kingine chochote katika uzi huu. Wewe ulipata 624 kwa kugawa, na tofauti ya kilokalori chache si ya kukukosesha usingizi. Andika 624 kwa la Afrika Kusini na uache 614 kwa la Ulaya kama ilivyochapwa.

Kokotoa
Nimeirudia hesabu ya Fundi kwa kalamu na ninakubali kwamba nilikishutumu kiwanda bila kosa. Hata hivyo siukubali ushauri wake wa mwisho, na ninaomba autazame upya.

Makopo haya mawili tukiyagawa yote kwa 4.184, tunapata 624 na 608, na tofauti yake ni 16. Tukiyahesabu yote kwa vizidisho vya kilokalori, la Afrika Kusini linakuwa 96 jumlisha 52 jumlisha 468 jumlisha 14, yaani 630, na la Ulaya ni 614. Tofauti ni 16 ileile. Lakini tukifanya alivyoshauri Fundi, tukachukua 624 ya kugawa na kuiweka kando ya 614 ya kuchapwa, tofauti inashuka hadi 10. Kilokalori sita zimepotea si kwa sababu ya karanga, bali kwa sababu safu moja imebeba hesabu za njia mbili. Kwa siagi ya karanga ni kitu kidogo, lakini chukua vitu viwili vya sukari tupu, kimoja kimechapwa 400 na kingine kimeandikwa 1700 kJ peke yake. Mwenye duka atagawa, ataandika 406, na mteja ataambiwa kwamba sukari moja ina nguvu kuliko nyingine ilhali ni sukari ileile.

Fundi wa Maabara
Umenishika, na una haki. Niliangalia ukubwa wa kosa nikasahau kwamba kazi ya karatasi ile ni kulinganisha. Kanuni nzuri basi ni kuchagua njia moja kwa safu nzima. Ikiwa gramu za virutubisho zipo, zihesabu kilokalori kwa vizidisho, na la Afrika Kusini litakuwa 630. Ikiwa hazipo, bidhaa zote zigawe kwa 4.184 kutoka kwenye kilojuli, hata zile ambazo kilokalori zake zimechapwa tayari.

Msafiri wa Melbeni
Mimi ninaishi Australia, ambako lebo zote hutoa kilojuli na hata ushauri wa kiwango cha mtu mzima kwa siku huandikwa 8700 kJ. Nilipofika nilikuwa ninachanganyikiwa kama mteja wako. Nikiwa dukani bila kikokotoo ninazidisha kwa 24 kisha ninaondoa tarakimu mbili za mwisho, kwa hiyo 2609 inakuwa 626 na jambo limekwisha. Nashangaa tu kwamba hakuna aliyeligusa kopo la Marekani, wakati ndilo lililoanzisha ugomvi.

Duka Mkunazini
Kweli kabisa. Nilijaribu kulifanyia hesabu mwenyewe: 190 nikazidisha kwa 4.184, nikapata 795 kJ, na bado iko mbali mno na 2609.

Msafiri wa Melbeni
Hapo umebadilisha kipimo cha nishati lakini hukubadilisha uzito. Ile 795 ni ya gramu 32, na 2609 ni ya gramu 100. Wamarekani huandika kalori kwa herufi kubwa mwanzoni, nao humaanisha kilokalori, kwa hiyo kilojuli huna haja ya kuzigusa kabisa. Gawanya 190 kwa 32, zidisha kwa 100, utapata 594. Mteja wako aliyeona mara kumi na tatu alikuwa na makosa mawili yaliyopandana: moja ni la kilojuli na kilokalori, ambalo ni kama mara nne, na jingine ni la gramu 100 na gramu 32, ambalo ni kama mara tatu.

Fundi wa Maabara
Msafiri amelieleza vizuri. Ningeongeza kwamba ile 594 isichukuliwe kama ni namba kamili. Sheria ya lebo ya Marekani inataka kalori zinazozidi 50 zikadiriwe hadi kumi iliyo karibu, kwa hiyo 190 inaweza kuwa chochote kati ya 185 na 195. Ukizipandisha hizo hadi gramu 100 unapata kati ya 578 na 609. Kosa la kukadiria lilikuwa dogo kwenye vijiko viwili, lakini limekuzwa mara tatu pamoja na namba yenyewe.

Njia ninayoiona kuwa ya haki zaidi ni kwenda kinyume, yaani kulivalisha kopo la Afrika Kusini lebo ya Marekani. Gramu 32 za kopo lenye 630 zina 201.6, ambayo kwa kanuni yao itaandikwa 200. La Ulaya lenye 614 lina 196.5, nalo litaandikwa 200. Kwa hiyo mteja wako angesimama mbele ya rafu iliyoandikwa 200, 200 na 190. Sidhani kama angerudisha kopo.

Kokotoa
Hesabu ni sahihi, ila nina shaka na nyuzinyuzi. Je, Wamarekani nao huzihesabu kwa 2?

Fundi wa Maabara
Swali hilo nilitarajia litakuja. Sheria yao inaruhusu njia zaidi ya moja. Katika njia inayotumika sana, nyuzinyuzi zisizoyeyuka hutolewa kabisa kwenye wanga na kuhesabiwa sifuri, na zile zinazoyeyuka huhesabiwa 2 kwa gramu. Isitoshe, gramu za wanga zilizochapwa kwenye lebo ya Marekani huwa zimejumuisha nyuzinyuzi ndani yake, ilhali wanga wa lebo ya Ulaya umetenganishwa nazo, kwa hiyo mtu akizilinganisha safu za wanga moja kwa moja atapotea.

Nyuzinyuzi za karanga kwa sehemu kubwa haziyeyuki. Tukizihesabu zote sifuri, la Ulaya linashuka kutoka 614 hadi 598, na gramu 32 zake zinakuwa 191, ambayo itaandikwa 190 sawa na la Marekani. La Afrika Kusini linashuka hadi 616, na lebo yake itabaki 200. Kwa maneno mengine, kopo la Ulaya lingeweza kusoma 200 au 190 kwa karanga zilezile, kulingana na aliyeketi na kalamu. Kopo la mwenye duka lilihesabiwa kwa njia ipi, lebo haisemi.

Mwanachuo wa Kariakoo
Samahani, langu ni la biskuti, si la siagi. Nimenunua katoni ya biskuti za nje ambazo kibandiko cha mwagizaji kinasema 2092 kcal kwa gramu 100. Nimegawa kwa 4.184 kama mlivyoelekeza, nimepata 500. Sasa kipimo changu kwa siku ni pakiti ngapi?

Fundi wa Maabara
Ndugu, umepata jibu la kweli kwa sababu isiyo ya kweli. Kilokalori haigawanywi kwa 4.184; hugawanywa kilojuli. Lakini kibandiko hicho ndicho kilichokosea, na kuna njia rahisi ya kulijua hilo bila kumuuliza mtu. Hakuna chakula kinachozidi mafuta tupu, na mafuta tupu ni 900 kcal au 3700 kJ kwa gramu 100. Namba yoyote ya kilokalori inayopita 900 kwa gramu 100 haiwezekani, na mara nyingi ni kilojuli zilizobandikwa jina lisilo lake.

Kosa la upande wa pili ni gumu kulikamata, kwa sababu 500 iliyoitwa kilojuli inaonekana kama namba ya kawaida. Hapo dawa ni kurudi kwenye gramu. Biskuti zako zina gramu ngapi za kila kirutubisho?

Mwanachuo wa Kariakoo
Protini 7, wanga 66, mafuta 23. Nyuzinyuzi hazikuandikwa.

Kokotoa
Niruhusuni nimjibu. Kwa kilojuli ni 119, 1122 na 851, jumla 2092. Kwa kilokalori ni 28, 264 na 207, jumla 499. Basi 2092 ni kilojuli bila shaka yoyote. Kuhusu idadi ya pakiti kwa siku, hilo si swali la uzi huu, lakini nisingezihesabu kwa pakiti.

Mama Tunu
Na mafuta ya kula je? Chupa yangu inasema 3400 kJ na Fundi amesema mafuta tupu ni 3700. Wameyachanganya na maji?

Fundi wa Maabara
Hapana, mama, usiwadhanie vibaya. Tazama kama wameandika kwa mililita 100. Mafuta ni mepesi kuliko maji, mililita 100 zake zina uzito wa gramu 92 hivi, na 92 ukizidisha kwa 37 unapata 3404. Ukitaka kuyalinganisha na siagi au samli iliyopimwa kwa gramu, yarudishe kwanza kwenye gramu.

Duka Mkunazini
Karatasi nimeibandika leo asubuhi. Afrika Kusini nimeandika 630, Ulaya 614, na Marekani nimeandika "kati ya 580 na 610", zote kwa gramu 100. Yule mteja alikuja, akaisoma mara mbili, akaniuliza kwa nini kopo la Marekani peke yake lina namba mbili, na kama maana yake ni kwamba halina uhakika na kilichomo ndani. Nilimweleza habari ya kukadiria hadi kumi, akaonekana kuelewa. Nilipofika kwenye nyuzinyuzi akaniambia nimfungie kopo lolote.

Kokotoa
Kopo la Marekani lina gramu za virutubisho kwa vijiko viwili. Kwa nini usizihesabu kwa vizidisho kama yale mengine, ukapata namba moja?

Duka Mkunazini
Nimejaribu. Mafuta 16, wanga 7 ambamo nyuzinyuzi ni 2, na protini 7. Nikihesabu nyuzinyuzi kwa 2 ninapata 196, ambayo wangeiandika 200, na wao wameandika 190. Nikizihesabu sifuri ninapata 192.

Fundi wa Maabara
Hiyo ni dalili kwamba wao huenda wamezihesabu sifuri, lakini si ushahidi, kwa kuwa gramu zenyewe pia zimekadiriwa. Mafuta yanayosomeka 16 yanaweza kuwa 15.5, na nusu gramu ya mafuta peke yake ni kilokalori nne na nusu. Acha namba mbili.